Koefisienti ya −0.8 si asilimia 80

*“Nachambua data ya wanawake wa Nairobi: nani yumo kwenye nguvu kazi. Logiti imenipa −0.8 kwa mwenye mtoto chini ya miaka 5. Probiti imenipa karibu −0.5. Niandike ipi?”*

Dada, usiandike yoyote kati ya hizo kama ukubwa wa athari. Zimepimwa kwa vipimo tofauti. Ya logiti kwa kawaida huwa mara 1.6 hivi ya probiti. Alama ya kutoa ndiyo unayoweza kuisoma moja kwa moja.

Hiyo −0.8 ni badiliko la logi ya odi. Mwanamke ambaye bila mtoto mdogo angekuwa na uwezekano wa asilimia 50 hushuka hadi 31. Aliyekuwa na 90 hushuka hadi 80 tu. Koefisienti ni ileile, athari mbili. Kwa hiyo kokotoa athari ya pembezoni kwa kila mwanamke, kisha chukua wastani. Kwenye Stata:

```
logit kazi i.mtoto c.umri##c.umri elimu
margins, dydx(*)
```

Usiache `i.`, la sivyo Stata itamchukulia mtoto kama namba endelevu badala ya kulinganisha 0 na 1. Umri nao usiuundie safu ya mraba kwa mkono: `margins` haitajua kwamba vinasogea pamoja.

Rudia kwa `probit`. Wastani utakaribiana sana. Ukipishana mno, kagua amri zako kwanza. Matokeo yaandike kama pointi za asilimia. Na kama data ni ya sampuli yenye uzito, muone mtakwimu kabla ya kuwasilisha.