Barua ya kumwachisha kazi aliye kwenye majaribio: mmeuliza

*Nimpe notisi ya siku ngapi?*

Kwa Kenya, kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka siku saba au zaidi. Itoe kwa maandishi. Ukitaka aondoke leo, mlipe mshahara wa siku hizo saba. Kama mkataba wenu unasema mwezi, ni mwezi. Angalia pia tarehe ya kuanza: majaribio hayazidi miezi sita, na kuongeza kunahitaji akubali.

*Si yuko majaribio tu, lazima nimwite tuongee kwanza?*

Mwite. Kifungu hicho kiliwaruhusu waajiri kuruka hatua hiyo, lakini mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi waliamua kwamba ruhusa hiyo inakiuka Katiba. Mwambie kasoro, msikilize akiwa na mwenzake, andika alichojibu. Barua ifuate baadaye. Ikiwa imeshachapwa kabla hajaketi, kikao hicho ni maigizo, na tarehe iliyo juu yake itakuumbua.

*Naomba mfano. Ni karani wa stoo, aliingia 10 Februari, mshahara 39,000, likizo amekula siku mbili.*

> 9 Juni
>
> Kwako Bi. ____,
>
> YAH: KUSITISHWA KWA AJIRA KATIKA KIPINDI CHA MAJARIBIO
>
> Baada ya kikao chetu cha 5 Juni na kuzingatia maelezo yako, tumeamua kutokuthibitisha kazini. Hesabu ya stoo ya Machi, Aprili na Mei haikulingana na daftari, hata baada ya kuelekezwa upya.
>
> Notisi yako ni ya siku saba. Siku ya mwisho kazini ni 16 Juni. Utalipwa mshahara wa 1–16 Juni, Sh20,800, na siku tano za likizo, Sh7,500. Jumla ni Sh28,300 kabla ya makato ya kisheria. Cheti cha utumishi utakipata siku hiyo.
>
> Tunakushukuru kwa kazi uliyofanya.

Likizo nimeihesabu hivi: miezi minne kamili mara siku 1.75 ni saba, toa mbili alizokula. Siku moja ya likizo ni 39,000 kugawa kwa siku 26 za kazi, yaani Sh1,500; mshahara wa 1–16 Juni ni 39,000 kugawa kwa siku 30 za Juni, mara 16. Malipo ya notisi hayamo kwa sababu anaifanyia kazi. Na sababu niliyoandika ni daftari. “Mzembe” na “hafai” ni matusi, na huwezi kuyathibitisha.

*Amekataa kusaini nakala.*

Hana lazima. Saini ni ya kupokea tu, kwa hiyo usichomeke hapo mstari wa “sina madai yoyote”. Shahidi aandike kwenye nakala tarehe na saa aliyokabidhiwa, kisha mtumie nyingine kwa barua pepe. Mshahara wake usiuzuie kwa sababu hiyo.