Kila ukurasa una neno lake kwenye jedwali, mbona bado zinagombana?

Swali: Habari za kazi. Nina duka la mashine za kutotolesha vifaranga hapa Morogoro, na tovuti yenye kurasa 14. Nikitafuta "bei ya incubator", leo unatokea ukurasa wa mwanzo, wiki ijayo makala ya zamani, baadaye ukurasa wa mashine, na hakuna unaofika juu. Niliambiwa nitengeneze jedwali la kurasa na maneno yake. Nimelitengeneza, hakuna neno lililojirudia, lakini hali ni ileile. Nimekosea wapi?

Jibu: Nahisi ulianza na orodha ya kurasa 14, ukawa unazigawia maneno mojamoja mpaka kila moja ikapata lake. Ukifanya hivyo, ukurasa wa mwanzo unaishia na "incubator bei", ukurasa wa mashine na "bei ya incubator", na makala na "bei za mashine za kutotolesha mayai". Kwa herufi hayo ni maneno matatu, na jedwali halina la kulalamikia. Kwa mfugaji aliyeshika simu ni jambo moja: anataka kujua mashine inauzwa shilingi ngapi. Jedwali lako linazuia neno lisijirudie, lakini kinachojirudia ni hitaji. Basi ligeuze: anza na maneno ambayo watu wanaandika kweli, yakusanye kwa mahitaji, kisha kila hitaji ulitafutie ukurasa mmoja.

Maneno hayo yatoe Search Console, zana ya Google inayoonyesha watu wanaandika nini tovuti yako inapotokea. Zana za kukisia wingi wa utafutaji mara nyingi hazina la maana kuhusu Kiswahili, zitakuonyesha sifuri kwa neno ambalo tayari linakuletea wateja. Fungua ripoti ya matokeo ya utafutaji, weka miezi 12 iliyopita, kisha chuja kwa ukurasa mmoja, yaani chagua `Exact URL` na ubandike anwani kamili. Pakua orodha iliyo chini ya `Queries`. Rudia kwa kurasa zote 14. Inachosha, ni kazi ya nusu saa hivi, lakini ukipakua ripoti nzima kwa mkupuo utapata orodha ya maneno upande mmoja na orodha ya kurasa upande mwingine, bila kujua neno gani lilionyesha ukurasa gani. Uhusiano huo ndio tunaoutafuta.

Bandika zote kwenye shiti moja ya Google Sheets, iite Data. Safu A ni neno, B ni ukurasa (utauandika mwenyewe kwa kila pakuo), C ni mibofyo, D ni mionekano, yaani mara ambazo ukurasa ulitokea kwenye matokeo, E ni nafasi. Usishangae jumla ya mibofyo ikipungua kuliko ile unayoiona juu ya grafu. Google huficha maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno.

Sasa fungua shiti ya pili, iite Maneno. Kwenye A2 weka fomula ya kupata kila neno mara moja tu:

```
=SORT(UNIQUE(Data!A2:A))
```

Halafu, kabla hujaandika chochote pembeni yake, nakili safu hiyo yote na uibandike palepale kama maandishi tu kwa `Ctrl+Shift+V`. Hatua hii nimeona watu wengi wakiiruka. Fomula ikiachwa hai, siku utakayoongeza data mpya orodha itasogea, lakini uliyoyaandika safu B hayatasogea nayo. Kila neno litajikuta limekaa na hitaji la jirani yake, na hakuna alama yoyote nyekundu itakayokuambia.

Safu B ndiyo kazi yenyewe. Mbele ya kila neno andika hitaji lake kwa maneno mafupi: *bei ya mashine*, *mashine ya mayai 264*, *namna ya kutotolesha*, *mayai hayatotoi*. Andika namna moja daima, maana "bei ya mashine" na "bei za mashine" kwa jedwali ni vitu viwili. Tofauti za tahajia ziweke pamoja bila kusita. Utakuta "kutotolesha" na "kutotoresha", "incubator" na "incubeta", "mashine ya kuangulia". Huyo ni mfugaji yuleyule, na kumtengenezea kila mwenye "r" ukurasa wake ndiko kunakozaa ugomvi unaoulizia.

Penye shaka, usiamue kwa kufikiri. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, tafuta neno la kwanza, kisha la pili, ulinganishe kurasa kumi za mwanzo. Kama nyingi ni zilezile, Google inayachukulia maneno hayo kama hitaji moja, na wewe yaweke kundi moja. Kama ni moja au mbili tu zinazofanana, yatenganishe. Katikati hapo ni uamuzi wako. Mimi huunganisha, kwa sababu kugawa ukurasa baadaye ni rahisi kuliko kuzika uliozidi. Mfano mzuri kwako ni "joto la incubator" na "jinsi ya kutotolesha mayai kwa incubator". Mwenye mashine anaweza kuona joto la nyuzi 37.5 na siku 21 za kuku ni sehemu ya somo moja, au anaweza kuwa anatafuta namba moja tu usiku wa manane kifaa kinapopiga kelele. Matokeo ya utafutaji yatakuonyesha ni yupi kati ya hao wawili.

Ukimaliza, rudi kwenye Data na uweke hitaji mbele ya kila mstari, kwenye F2, kisha ivute mpaka chini:

```
=IFERROR(VLOOKUP(A2,Maneno!A:B,2,FALSE),"")
```

Kisha tengeneza `Pivot table`: kwenye mistari weka hitaji, chini yake ukurasa, kwenye thamani weka jumla ya mibofyo na jumla ya mionekano. Nafasi usiiweke humo. Wastani wa wastani hukudanganya, neno lililoonekana mara mbili likahesabiwa sawa na lililoonekana mara mia tano.

Hapo ugomvi utauona. Tuseme kundi la *bei ya mashine* limetoka hivi (tarakimu ni za mfano): ukurasa wa mwanzo mionekano 310 na mibofyo 9, `/mashine` mionekano 540 na mibofyo 14, `/blogu/bei-ya-incubator-2023` mionekano 420 na mibofyo 11, `/incubator-mayai-264` mionekano 35 bila mbofyo. Huo wa mwisho uache, kutokea kidogo kwenye hitaji la jirani ni kawaida kwa ukurasa wa bidhaa. Vilevile usihangaike kundi la jina la duka lako likionyesha kurasa tano, kwa kuwa anayekutafuta kwa jina ni haki yake kuziona zote. Dalili ya ugomvi ni kurasa mbili au tatu zenye mionekano inayokaribiana, huku Data ikionyesha zote zinazunguka nafasi ya 8 hadi 15. Kuhakikisha, bofya neno lenyewe ndani ya Search Console, fungua `Pages`, ulinganishe miezi mitatu hii na mitatu iliyotangulia. Kama anayeongoza amebadilika, umemkamata.

Nani abaki? Usimchague kwa mibofyo peke yake. Fungua kurasa zote tatu ujiulize ni upi unaweza kujibu hitaji. Ninavyozijua tovuti za maduka ya aina yako, `/mashine` ina picha nzuri na maneno "piga simu kupata bei", halafu bei zenyewe ziko kwenye makala ya 2023 na zimeshapitwa. Yaani anayeuliza bei anapewa ukurasa usio na bei au bei isiyo ya kweli, na Google inabaki kujaribu huu na ule. Kwa hiyo hamishia jedwali la bei kwenye `/mashine`, kwa kila ukubwa unaouza, pamoja na tarehe ulipolisahihisha. Makala ya zamani usiifute ikaacha ukurasa wa "haupatikani". Ielekeze kwa 301, yaani uelekezaji wa kudumu, kwenda `/mashine`, na uuache uelekezaji huo kwa mwaka mmoja angalau. Ukurasa wa mwanzo uondolee "bei ya incubator" kwenye kichwa chake, ubaki na jina la duka na Morogoro. Na safari nyingine usiweke mwaka kwenye anwani ya ukurasa, ni kama kuandika tarehe ya kuharibika mwenyewe.

Ndipo unafika kwenye ramani. Shiti ya tatu, Ramani, mstari mmoja kwa kila ukurasa: A ni anwani, B ni hitaji, C ni neno kuu, D ni maneno mengine ya kundi hilo, E ni hatua ya kuchukua. Neno kuu ni lile lenye mionekano mingi ndani ya kundi. Ndilo linaloingia kwenye kichwa cha ukurasa. Yaliyobaki hayatupwi, yatakaa kwenye vichwa vidogo na ndani ya maelezo. Mawasiliano na sera ya faragha ziachie B tupu. Mlinzi muweke kwenye B, si kwenye C, kwa `Conditional formatting` yenye fomula hii:

```
=AND($B2<>"",COUNTIF($B$2:$B$200,$B2)>1)
```

Hitaji likijirudia, mistari yote miwili inawaka rangi. Unaweza pia kutumia `Data validation` ikatae kabisa, ila mtu akibandika badala ya kuandika, kizuizi hicho kinaweza kupitwa bila kelele. Rangi hubaki, mradi naye abandike maandishi tu.

Kitu kimoja jedwali halitakionyesha ni linki zako za ndani. Kama kwenye makala nyingine umeandika "bei ya incubator" ukaunganisha na ukurasa wa mwanzo, unaiambia Google kinyume cha ramani. Pitia kurasa zote, kila linki yenye maneno ya bei iende `/mashine`, na zile zilizokuwa zikielekea makala ya 2023 zibadilishe ziende moja kwa moja badala ya kutegemea 301.

Andika tarehe ya mabadiliko kwenye safu E ya Ramani. Baada ya wiki sita hadi nane, pakua upya siku 28 za mwisho kwa kundi hilo tu. Unachotaka kuona ni mionekano ikihamia `/mashine`, hata kama nafasi bado haijapanda. Ikiwa makala ya 2023 bado inatokea, ingiza anwani yake kwenye `URL Inspection`. Huenda Google haijarudi kuipitia tangu uielekeze. Ikiwa ni ukurasa wa mwanzo ndio unaong'ang'ania, rudi kwenye linki, na uangalie kama menyu ya juu haijaandikwa "Bei" huku ikimrudisha mtu mwanzo.