StochRSI inaruka kwa nini, na ni wapi kuruka huko kunakufaa

Wadogo zangu, wiki hii kumezunguka picha ya chati kwenye kundi letu: StochRSI imegonga 100, mshale mwekundu umechorwa, na chini yake imeandikwa "ovaboti, uza". Nikaangalia RSI yenyewe kwenye chati hiyohiyo, nikakuta iko 56. Picha za namna hiyo hazikomi, na wanaozituma si wavivu. Wengi wanachora vizuri kuliko tulivyokuwa tukichora sisi wakati wetu. Ila hawajakaa na fomula hata dakika kumi, kwa hiyo leo tukae nayo.

1. Jua inapima nini

```
StochRSI = 100 * (RSI - RSI_min) / (RSI_max - RSI_min)
```

`RSI_min` na `RSI_max` ni RSI ya chini kabisa na ya juu kabisa ndani ya mishumaa 14 ya mwisho. Ni stokastiki ileile mnayoijua, ila imelishwa RSI badala ya bei. Angalieni kinachokosekana: bei haimo humo kabisa. Hata 70 na 30 hazimo. RSI ni alama ya mtihani, StochRSI inakwambia alama hiyo imekaa wapi kati ya mitihani 14 ya mwisho ya mwanafunzi huyohuyo. Akizoea kupata 45 hadi 54, siku akipata 56 StochRSI inaandika 100. Haijasema amefaulu. Imesema tu hajafika hapo hivi karibuni.

Ndiyo maana neno "ovaboti" kwenye StochRSI linawapoteza. RSI ikiweka kilele kipya cha mishumaa 14, hata kikiwa 51, mstari usiolainishwa unakuwa 100 kamili, bila ubishi.

2. Kuruka kunatoka kwenye kigawanyo

Hapa msinikimbie, hesabu ni ndogo. Chukueni EUR/USD ya saa moja, soko limetulia. Wastani wa kupanda ni pipsi 10 na wastani wa kushuka ni pipsi 10, kwa hiyo RSI, yaani asilimia ya wastani wa kupanda ndani ya jumla ya wastani hizo mbili, ni 50. Mshumaa wa kawaida kabisa katika soko hilo unasogea pipsi 20, kwa sababu ndio jumla ya wastani hizo mbili. Sasa mshumaa mmoja wa namna hiyo ukipanda, ulainishaji wa Wilder unafanya hivi: wastani wa kupanda unakuwa (10 × 13 + 20) / 14, yaani 10.71, na wa kushuka unapungua hadi 9.29. RSI mpya ni 53.6.

Mshumaa usio na jambo lolote umeisogeza RSI pointi 3.6. Kwenye mizani ya 0 hadi 100, hata huoni. Lakini kama RSI ilikuwa inacheza kati ya 48 na 54, upana wote ni pointi 6, na hizo 3.6 ni asilimia 60 ya mizani ya StochRSI. RSI ya 50 ilikuwa inasomeka 33 na sasa inasomeka 93. Mshumaa unaofuata ukishuka vilevile, inarudi chini. Hapo ndipo mnapoona msumeno, na ndipo wengi wanapobadilisha namba za mipangilio wakidhani indiketa imeharibika.

Sasa weka RSI ileile katika soko ambalo ndani ya mishumaa 14 limetoka 30 hadi 70. Upana ni 40. Mwendo wa pointi 3.6 unasogeza StochRSI pointi 9 tu. Indiketa ni ileile, mshumaa ni uleule, usomaji ni tofauti mara sita na zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuisoma StochRSI, weka RSI chini yake na uangalie imetembea kwa upana gani. Ukiwa chini ya pointi 10, mimi siisomi kabisa.

3. Inaruka hata RSI ikiwa imesimama

Hili linawashangaza hata waliokaa muda mrefu. Tuseme RSI ni 49, kilele cha dirisha ni 54, na kuna bonde moja la zamani la 35. StochRSI ni 14 gawanya kwa 19, karibu 74. Mshumaa unaofuata RSI inabaki 49, lakini lile bonde la 35 limetoka nje ya dirisha, na bonde jipya ni 46. Sasa ni 3 gawanya kwa 8, yaani 37.5. Mstari umeporomoka karibu nusu, na sokoni hakuna aliyeuza wala kununua kwa nguvu. Kilichotokea kilitokea mishumaa 14 iliyopita. Mkiona mwanguko mkali huku RSI imelala, rudini nyuma mhesabu mishumaa, mtaona kilichotoka.

4. Kosa lililoniuma

Mwaka 2020, Bitcoin ilianza Oktoba ikiwa karibu dola 10,700 na kufikia mwishoni mwa Novemba ilikuwa imevuka 19,000. Mimi nilikuwa nauza. Chati ya siku, StochRSI juu ya 80, %K inaikata %D kwenda chini na kushuka chini ya 80, nauza. Nilikuwa na kanuni, naifuata kwa nidhamu, na kila mara bei inanipitia na kugonga stopu yangu. Nilidhani tatizo ni stopu kuwa karibu mno, nikaisogeza mbali. Hasara zikawa kubwa zaidi.

Kilichokuwa kinatokea naweza kuwaonyesha kwa hesabu ileile ya hapo juu, na natamani mtu angenionyesha wakati ule. Katika trendi kali ya kupanda, RSI inakaa kwa mfano 80: wastani wa kupanda ni 16, wa kushuka ni 4. Ikija siku moja nyekundu ya kawaida, ya 20, kupanda kunakuwa 14.86 na kushuka 5.14. RSI inatua 74.3. Hiyo bado ni RSI ya soko lenye nguvu kubwa. Lakini kama kwa siku 14 RSI ilikuwa imebanwa kati ya 72 na 80, StochRSI inatoka 100 hadi 29 kwa siku hiyo moja. Mimi niliona 29 nikasoma "nguvu imeisha". Ilikuwa imetokea siku moja ya watu kuchukua faida.

Mlinganishe na mfano wa kwanza: kule kwenye 50 mshumaa wa 20 ulisogeza RSI pointi 3.6, huku kwenye 80 mshumaa wa ukubwa huohuo ukienda kinyume umeisogeza 5.7. Kadiri RSI inavyokuwa juu, ndivyo siku nyekundu inavyoiangusha zaidi. Na trendi kali ndiyo inayobana RSI juu. Kwa hiyo mahali ambapo ishara ya kuuza ni ya uongo zaidi ndipo inapoonekana kali zaidi kwenye skrini. Nilikuwa nimechagua kuuza pale hasa.

Kisha ikaja 26 Novemba. Bei ilikuwa imegusa juu kidogo ya 19,400, ikaanguka hadi chini ya 16,500 na kufunga karibu 17,100. Nikasema hatimaye. StochRSI ilikwenda sifuri. Nikauza tena, karibu na bonde, kwa ukubwa nisiopaswa kuutumia, kwa sababu nilitaka kurudisha yote ya miezi miwili. Tarehe 30 Novemba bei ilikuwa imerudi juu ya 19,000. Akaunti ile sikuijaza tena kwa muda mrefu.

5. Hiyo sifuri ndiyo ilikuwa inafaa

Isomeni siku hiyohiyo kwa jicho jingine. RSI ya siku, baada ya kishindo chote kile, haikukaribia 30. Aliyekuwa anasubiri RSI ishuke chini ya 30 ili anunue, angeendelea kusubiri huku soko likiondoka. Tushar Chande na Stanley Kroll walipoileta StochRSI mwaka 1994 walikuwa wanalenga tatizo hilo hasa: RSI inaweza kuzunguka katikati kwa muda mrefu bila kugusa mwisho wowote. StochRSI inaona kwamba RSI iko chini kabisa kulingana na siku zake 14, na katika trendi ya kupanda, "chini kulingana na yenyewe" ndicho kipumziko unachokitafuta.

Kwa hiyo usikivu wake unafaa pale ambapo mwelekeo umeshajulikana kwa njia nyingine. Mimi natumia bei kuwa juu ya wastani wa siku 200 na RSI kubaki juu ya 40. Hayo yakitimia, nasoma upande mmoja tu: StochRSI ishuke chini ya 20, kisha ivuke kurudi juu, mshumaa ukiwa umefungwa. Stopu inakaa chini ya bonde la kipumziko. Ishara za juu ya 80 nazipuuza kabisa, hata zikipiga kelele kila siku.

Wala haikupi mlango safi. Aliyenunua 30 Novemba 2020 alivumilia bei ikishuka tena chini ya 18,000 tarehe 11 Desemba, kabla 20,000 haijavukwa tarehe 16. Stopu chini ya bonde la 26 Novemba ilisalimika. Stopu ya kubana haikusalimika.

6. Mengine kwa haraka

Mshumaa ukiwa haujafungwa, thamani inabadilika kila bei inapogusa, kwa hiyo alati iwekeni kwenye `Once Per Bar Close`. Kulainisha kwa 3 na 3 kunapunguza msumeno, lakini kunakuchelewesha, na hakutibu kigawanyo kidogo.

Na mnaoandika msimbo: matokeo yenu hayafanani na ya TradingView kwa sababu `STOCHRSI` ya TA-Lib, ukiiacha ilivyo, inatumia dirisha la 5 kwa stokastiki, si 14, na %K yake haijalainishwa. Ya Pine iko hivi:

```
//@version=5
indicator("Upana wa RSI")
r = ta.rsi(close, 14)
k = ta.sma(ta.stoch(r, r, r, 14), 3)
d = ta.sma(k, 3)
plot(ta.highest(r, 14) - ta.lowest(r, 14))
```

Mstari wa mwisho ni upana wa RSI. Uwekeni chini ya chati, halafu rudini kwenye ishara zenu za mwezi uliopita, mtenge zile zilizotokea upana ukiwa chini ya 10. Nileteeni mlichokiona, faida na hasara pamoja.