Kuandika tangazo la redio la dobi anayefuata nguo nyumbani: maelezo kwa mwandishi anayeanza

Mwenye duka la udobi akikuita umwandikie tangazo la sekunde 30, mara nyingi atakuwa na maneno yake tayari: huduma bora, haraka, nafuu, nguo kung'aa, popote ulipo. Usiyakatae mbele yake, ila fahamu kwamba maneno hayo yana mgongano ndani yake. Msikilizaji wa Dar es Salaam akisikia kwamba nguo zinachukuliwa na bodaboda na kurudishwa haraka, wazo linalomjia kwanza ni kwamba zitachanganywa na za watu wengine, zitabandikwa pasi kali, au zitarudi zikiwa pungufu. Kadiri unavyosisitiza wepesi ndivyo anavyozidi kuhofia nguo zake. Kazi ya skripti ni kutafuta tendo moja linaloonyesha wepesi na uangalifu kwa wakati uleule, na kwa maoni yangu tendo hilo hupatikana mlangoni, pale mfuko unapotoka mkononi mwa mteja na kuingia mkononi mwa kijana wa dobi.

Kabla ya kuandika nenda dukani ukaangalie kazi inavyofanyika. Uliza nguo zinahesabiwa wapi na mbele ya nani, zinatiwa alama gani ili zisipotee, nyeupe zinatengwa na vitenge katika hatua gani, suti zinasafishwa kwa maji au bila maji, na nguo iliyopotea inalipwa na nani. Ukikuta zinahesabiwa dukani tu, mteja akiwa hayupo, mshauri mwenye duka abadilishe utaratibu kwanza, kwa sababu sentensi yenye nguvu kuliko zote katika tangazo la aina hii ni ile inayosema nguo zinahesabiwa mbele yako, nayo haiandikwi kama si kweli. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na hata bila sheria, mteja wa dobi huijua ahadi ya uongo mara tu anapofungua mfuko. Kwa sababu hiyohiyo usiandike kwamba madoa yote yanatoka. Dawa ya klorini haiondoi kutu, bali huweza kulifanya doa lishike zaidi, na ikigusa sufu au hariri huiharibu na kuiacha na rangi ya njano. Dobi anayejua kazi yake hawezi kuahidi jambo hilo, nawe usimwahidie.

Kipimo cha urefu huwasumbua wengi wanaoanza, hasa wanaotumia mifano iliyoandikwa kwa Kiingereza. Maneno yetu ni marefu, kwa kuwa kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa, na msomaji wa kawaida hutamka kwa utulivu maneno mawili hivi kwa sekunde. Sekunde 30 zinachukua maneno karibu 60, ukihesabu kila tarakimu ya namba ya simu kuwa neno. Namba ina tarakimu 10, kwa hiyo ikisomwa mara mbili inakula karibu theluthi ya tangazo. Mimi huisoma mara moja, polepole, katika mafungu matatu, na nafasi inayobaki naiachia mazungumzo.

Hii ni skripti ya duka linalohudumia Sinza, Kijitonyama na Mwenge:

(Pikipiki inasimama, injini inazimwa.)
KIJANA: Hodi! Shikamoo mama, nimefuata nguo.
MAMA: Marahaba, karibu. Humo mna kanzu ya baba.
KIJANA: Tuzihesabu pamoja. Mashati manne, vitenge viwili, kanzu moja. Kanzu naitia mfuko wake, isifuliwe na vitenge.
MAMA: Zinarudi lini?
KIJANA: Keshokutwa jioni, saa kumi na mbili, hapa hapa mlangoni.
MSIMULIZI: (Jina la duka), dobi anayekuja nyumbani kwako Sinza, Kijitonyama na Mwenge. Piga (namba).

Neno «uangalifu» halimo humu, wala «haraka», wala «bora». Wepesi unasikika kwa sababu mama hajatoka nyumbani kwake, na uangalifu unasikika katika hesabu na katika mfuko wa pili. Nimechagua kanzu kwa kuwa kila msikilizaji anajua nguo nyeupe inavyoharibika ikifuliwa pamoja na kitenge kipya kinachochuja rangi. Ukiandika «nguo maridadi» hataona kitu. Ungeweza kutumia suti au sare za shule, mradi iwe nguo moja yenye hatari moja inayoeleweka bila maelezo.

Mwenye duka huenda akataka uondoe «shikamoo» na «marahaba» ili apate nafasi ya kutaja bei. Mkatalie kwa heshima. Anayesikiliza anafikiria kijana asiyemjua akija mlangoni kwake, na maamkizi hayo mawili yanamtuliza kuliko sentensi nzima ya kumsifu mfanyakazi. Zaidi ya hapo, bei hubadilika, na ya kilo si sawa na ya nguo mojamoja, kwa hiyo ni afadhali ielezwe kwenye simu.

Angalia sana maneno ya wakati. Utashawishika kuandika «kanzu ya Ijumaa», kwa sababu yanapendeza masikioni na yanaeleza kwa nini nguo ile ni muhimu. Lakini tangazo likirushwa siku ya Alhamisi, keshokutwa yake ni Jumamosi, na kanzu itakuwa imechelewa sala ndani ya tangazo lako mwenyewe. Vivyo hivyo «ndani ya saa 24» huzaa ugomvi, kwa kuwa mteja huanza kuhesabu pale anapopiga simu na dobi huanza pale mfuko unapofika dukani. Siku, saa na mahali vikitajwa, kama kijana alivyovitaja, hakuna wa kubishana. Maeneo nayo yataje kwa majina, kwani «popote ulipo» humletea mwenye duka simu kutoka Mbagala na Kigamboni ambazo itabidi azikatae.

Sauti ya mashine ya kufulia usiitumie. Redioni, hasa kwenye spika ndogo ya simu au ndani ya daladala, hufanana na mvua au mawimbi yanayokwaruza, na msikilizaji hudhani redio imepoteza stesheni. «Hodi» peke yake inatosha kumweleza tupo wapi.

Ukimaliza, msomee mtu asiyehusika na kazi hiyo, mara moja tu, kisha muulize nguo zinarudi lini, zinachukuliwa wapi na kanzu ilifanywa nini. Akikosa la kwanza au la pili, mara nyingi msimulizi amerundikiwa maneno mengi. Akikosa la kanzu, hesabu ya nguo imekuwa ndefu na imeifunika, basi ondoa mashati ubakize vitenge na kanzu.

Kabla ya kuondoka studio, mwambie kijana arudie mstari wake wa mwisho kwa namna nyingine: «Baada ya siku tatu, saa kumi na mbili jioni, hapa hapa mlangoni.» Duka linaloanika nguo kwenye kamba haliwezi kutimiza keshokutwa wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na kumrudisha mwigizaji studio kwa ajili ya mstari mmoja ni gharama ambayo mwenye duka hatakubali kuilipa. Mkabidhi faili zote mbili, kila moja ikiwa imeandikwa jina linaloeleza msimu wake, na umwombe amweleze mtu wa ratiba redioni ni ipi irushwe mvua zikianza.