Punguzo lipo kwenye mkataba, mbona halionekani kwenye oda?

Wiki hii msomaji mmoja, afisa ununuzi, ameniandikia akiwa amekata tamaa. Ana mkataba wa bei wa mwaka mzima kwenye ERP, una ngazi tatu za punguzo, mzabuni ameshasaini, lakini kila oda inatoka na bei ile ile ya juu. Bosi wake ameanza kuuliza maswali yenye harufu mbaya. Ndugu yangu, maswali hayo niliwahi kuulizwa mbele ya kikao kizima, na mkuu wa fedha aliyedokeza kwamba nina changu na mzabuni hajaniomba radhi mpaka leo.

Tuchukue mfano wa boksi za glavu, bei ya msingi ikiwa 100 kwa boksi. Mkataba unasema: ukifika boksi 500 bei inashuka hadi 94, ukifika 1,000 inakuwa 88. Matumizi ni boksi 120 kwa mwezi, yaani 1,440 kwa mwaka. Kila mtu mezani anaona 88 na kupeana mikono.

Sasa mfumo. Kwenye Oracle E-Business Suite kuna sehemu inaitwa `Price Break Type`, yenye chaguo mbili. Ukiweka `Non-Cumulative`, mfumo unapima wingi wa mzigo mmoja unaouitisha, basi. Boksi 120 hazijawahi kufika 500 na hazitafika. Utaitisha mara 12, utalipa 144,000, na mfumo hautakupa onyo lolote, kwa sababu kwa macho yake kila kitu kiko sawa.

Ukiweka `Cumulative`, mzigo wa leo unajumlishwa na yote uliyokwisha kuitisha kwenye mstari ule wa mkataba. Miezi minne ya kwanza unafika boksi 480, zote kwa 100. Mwezi wa tano jumla inakuwa 600, bei inashuka hadi 94. Mwezi wa tisa unavuka 1,000 na kupata 88. Jumla ya mwaka ni 135,360. Umeokoa 8,640, asilimia 6.

Hili ndilo nililoligundua mimi, peke yangu, nikiwa na orodha ya oda mkononi huku wengine wakinitazama kama mwizi. Ukitaka kujua kama ugonjwa wako ni huu, toa orodha ya oda zote zilizotoka kwenye mkataba huo, zipange kwa tarehe, kisha weka bei pembeni na jumla ya wingi inavyopanda. Jumla ikivuka ngazi na bei isitikisike, jibu unalo. Lakini kabla hujapiga kelele, angalia kipimo: ngazi ikiwa imeandikwa kwa katoni na oda zinatoka kwa boksi, unalinganisha vitu viwili tofauti.

Anayetumia Odoo asidhani amepona. Kiwango cha chini kwenye orodha ya bei ya mzabuni kinalinganishwa na wingi wa mstari wa oda ile ile, hakikumbuki oda za nyuma. Ngazi za kujumlisha utazifuatilia mwenyewe pembeni.

Na hata hiyo `Cumulative` isikulewesheni, wenzangu. Hairudi nyuma. Zile boksi 480 za mwanzo zinabaki na bei ya 100 hata ukimaliza mwaka na boksi 1,440. Mkataba mpya ukianza, hesabu inaanza sifuri, na unapanda ngazi upya. Wazabuni wazoefu wanalijua hili vizuri kuliko sisi, ndiyo maana wanakubali ngazi haraka sana. Acheni kushangilia punguzo ambalo hamjalipigia hesabu kwa ukubwa wa mizigo yenu halisi!

Siku hizi mimi naenda mezani na matumizi ya mwaka uliopita yaliyochapishwa mwezi kwa mwezi, na naomba bei moja tangu boksi ya kwanza. Kwa 88 mwaka mzima ungelipa 126,720. Mzabuni atakataa, na ana haki: akikupa 88 leo kisha ukaacha kununua mwezi wa tatu, hasara ni yake, maana mkataba wa aina hii kwa kawaida haukulazimishi kumaliza wingi uliokadiria. Hapo ndipo mnakutana katikati: bei ya 94 tangu mwanzo, na kifungu kinachosema jumla ikifika 1,000 kabla ya mkataba kwisha, atarudisha tofauti ya 6 kwa kila boksi kwa hati ya marejesho. Kifungu hicho mfumo hautakitekeleza wenyewe. Mpe mhasibu tarehe na kiwango kwa maandishi, naye akusainie kwamba amepokea.