Wimbo wa tangazo la hadiwea ya Maweni

*Swali: Nina duka la vifaa vya ujenzi Maweni, hapa Malindi. Nataka tuktuk izunguke mitaani na spika ikiimba tangazo letu. Nimeandika hivi: "Duka letu liko poa, karibuni wateja wote / tuna simiti, misumari, na rangi na vifaa vyote." Vina vipo, lakini kijana wa studio anasema haukai kwenye mdundo, na watu niliowaimbia hawakumbuki ni duka gani. Nirekebishe wapi?*

Hesabu mizani kwanza. Kipande cha "duka letu liko poa" kina mizani minane. "Karibuni wateja wote" kina tisa. Huo mmoja uliozidi ndio unaomsumbua kijana wa studio. Katika mdundo wa kawaida wa mapigo manne, kila pigo hubeba mizani miwili, kwa hiyo pigo la nne huangukia mizani ya saba. Kipande kikiwa na minane, mizani ya saba ni ile ya pili kutoka mwisho, na hapo ndipo ulimi wetu huweka mkazo: ma-BA-ti, Ma-WE-ni. Pigo na mkazo vinakutana. Kikiwa na tisa, pigo linaangukia "ja" na mwimbaji analazimika kusema "wate-JA". Vipande vyako viwili vya mshororo wa pili navyo vina tisa tisa. Gonga meza kwa kidole huku ukiimba, utasikia mahali panapovutana.

Kuhusu kusahaulika: "wote" na "vyote" ni vina safi, lakini hadiwea yoyote ya Malindi inaweza kuviimba. Sikio hushika zaidi neno la mwisho, na pale mwisho hujaweka jina. Una bahati, kwa sababu Maweni ni kina chenye mali nyingi. Ukiwaamrisha watu wengi, vitenzi vyetu vingi huishia hivyo hivyo: jengeni, pimeni, pakeni, chagueni. Usiridhike na "ni" peke yake, yaani Maweni na karibuni. Kina hicho ni chepesi, maana mkazo uko kwenye silabi iliyotangulia, nayo haifanani. Tafuta "eni" nzima.

Mimi ningeuandika hivi:

Simiti, rangi, mabati, tunauzia Maweni,
Misumari hata nati, hesabuni, chagueni,
Msipoteze wakati, fundi wenu mtumeni,
Nyumba yenu isimame, anzeni kwetu Maweni.

Kila kipande kina mizani minane. Angalia "msipoteze": ile "m" ya mwanzo inahesabiwa mizani kamili, na katika "mtumeni" pia. Wengi huiruka wakihesabu, kisha wanashangaa kipande kimepungua. Mshororo wa mwisho nimeuachia kina cha kati kibadilike makusudi, ili sikio lizinduke pale kibwagizo kinapoingia. Huo mmoja ndio wa kuandika ukutani mwa duka na juu ya risiti.

Sikuandika "hapa Maweni", ingawa mizani ingetosha. Tuktuk ikiwa Shela au Barani, "hapa" inamdanganya msikilizaji. "Kwetu" inafaa popote ilipo.

Sasa muda. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kila mshororo unachukua sekunde 4, na ubeti mzima 16. Tuktuk ikienda kilomita 20 kwa saa inapita kama mita tano na nusu kila sekunde. Tuseme spika inasikika vizuri mita 40 kabla ya kumfikia mtu na 40 baada ya kumpita: ana takriban sekunde 14 au 15 tu. Hataupata ubeti wote. Ndiyo maana jina liko mshororo wa kwanza na wa nne, si mwisho peke yake. Popote atakapoanza kusikia, Maweni itamfikia walau mara moja. Dereva akikimbia hadi 40, muda huo unakuwa nusu na hesabu yote inaharibika, kwa hiyo mwambie mapema aende polepole.

Baada ya kuimba ubeti mara mbili, acha sauti ya kawaida iseme maneno machache, kwa mfano: "Tunafungua saa mbili asubuhi. Tuko Maweni." Usiimbe namba ya simu, mtu aliye barabarani haishiki; ichore ubavuni mwa tuktuk. Bei pia usiirekodi. Mzigo mpya ukija na bei nyingine, itabidi urudi studio, na mteja aliyesikia ile ya zamani atakudai hiyo.

Kabla ya kuingia barabarani, ulizia kibali cha spika na matangazo katika ofisi za kaunti ya Kilifi, na dereva azime kabisa anapopita karibu na hospitali, shule, na misikiti wakati wa adhana na sala.