Tumbo la paka likijaa maji: kusoma majibu ya FIP na kufuatilia dawa

Paka wangu Kito alikuwa bado hajafikisha mwaka alipoanza kupata homa isiyosikia antibiotiki. Tumbo lilivimba huku uti wa mgongo ukionekana wazi chini ya manyoya. Naishi Uingereza, na daktari wa wanyama alitaja FIP mapema, yaani uvimbe wa utando wa tumbo unaoletwa na virusi vya korona vya paka. Paka wengi hupata virusi hivi utumboni na huharisha kidogo tu. Kwa wachache virusi hubadilika ndani ya mwili, vikaingia kwenye seli nyeupe za damu na kuvimbisha mishipa midogo, nayo ikaanza kuvuja.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: paka mwenye maji tumboni, omba maji yenyewe yapimwe. Maji hayo hueleza mengi kuliko damu. Ya Kito yalikuwa ya njano, yanavutika kama ute wa yai. Omba pia nakala ya majibu yenye tarakimu. Yake yalisomeka hivi: protini zote gramu 58 kwa lita, albumini 16, globulini 42. Gawanya albumini kwa globulini: 16 kwa 42 ni 0.38. Huo ndio uwiano ambao kwenye karatasi huandikwa A:G.

Maji ya FIP kwa kawaida huwa na protini zaidi ya gramu 35 kwa lita, lakini seli zake ni chache. Uwiano ukiwa chini ya 0.4, shaka ya FIP ni kubwa. Ukizidi 0.8, ugonjwa huo hautazamiwi sana, tafuta chanzo kingine. Katikati ya hapo, uwiano peke yake hauamui kitu. Unashuka kwa sababu mbili zinazokwenda pamoja: mwili unatengeneza kingamwili nyingi, ambazo ni globulini, na wakati huohuo ini linapunguza kutengeneza albumini, na nyingine inapotea kupitia mishipa inayovuja.

Lakini usikubali uwiano uwe hukumu. Maambukizi ya bakteria tumboni nayo hutoa maji yenye protini nyingi. Tofauti huonekana kwenye hadubini, kwani kwenye maji ya bakteria seli hujaa na bakteria huonekana ndani yake. Saratani ya limfu pia inaweza kudanganya. Ndiyo maana daktari wetu alipeleka sehemu ya maji yatafutiwe vinasaba vya virusi kwa PCR. Vilipatikana kwa wingi, na vikichanganywa na umri wa paka, homa na zile tarakimu, hapakuwa na sababu ya kungoja.

Dawa ni GS-441524, kiini ambacho dawa ya virusi iitwayo remdesiviri hugeuka kuwa mwilini. Inafanana na kijenzi kimoja cha vinasaba vya virusi. Kirusi kinapojinakili hukichukua kimakosa, na nakala inakatikia hapo. Basi dawa haiui virusi vilivyopo, inavizuia kuzaana, na kazi ya kufagia inabaki kwa kinga ya paka. Ndiyo sababu dozi haikatizwi paka anapochangamka. Homa ilishuka ndani ya siku mbili hivi, na wiki iliyofuata tumbo lilianza kupungua.

Kwa FIP ya aina ya maji, isiyogusa macho wala ubongo, madaktari wengi huanza na miligramu 15 kwa kila kilo kwa siku, ya kunywa. Kito alikuwa na kilo 2.8, hivyo 42. Mpime kila wiki kwa mizani ileile. Mwanzoni uzito unaweza kushuka kwa sababu maji yanatoka, usipunguze dozi kwa hilo. Ukipanda, dozi ipande nao: alipofika kilo 3.4 tukaenda 51. Paka mdogo hukua haraka, na dozi ya mwezi uliopita inakuwa pungufu bila mtu kugundua.

Muda uliozoeleka ni siku 84. Utafiti wa Munich uliotolewa mwaka 2024, kwa paka wenye maji, ulionyesha kuwa 42 zinaweza kutosha. Hilo ni la daktari kuamua kwa vipimo, siyo la mwenye paka kuamua kwa kuangalia pochi. Kabla ya kuacha, albumini, globulini na uwiano wa damu viwe vimerudi kawaida. Globulini ikipanda kidogo wiki za mwanzo usishtuke, maji yanayofyonzwa hurudisha protini kwenye damu.

Baada ya dozi ya mwisho, miezi mitatu ni ya kuangalia. Homa, kukosa hamu ya kula, au macho kubadilika rangi ni ya kumrudisha daktari siku hiyohiyo. Ugonjwa ukirudi, dozi huongezwa, au hutumika dawa nyingine ya virusi, molnupiravir. Paka akianza kuyumba miguu ya nyuma, virusi vimefika kwenye ubongo au uti wa mgongo, na hapo dozi ya kawaida haifiki.